Ukosefu wa Mfumo Si Tatizo

Wiki hii nimepitia tena andiko la mradi ambalo tamko lake la tatizo linaanza hivi: "Tatizo kuu ni ukosefu wa mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kliniki kwa ujumbe mfupi." Nilipomuuliza mwandishi, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba tatizo limeelezwa waziwazi. Kilichoelezwa waziwazi ni manunuzi. Futa maneno "ukosefu wa" katika sentensi yake, na kinachobaki ni kile alichokwisha kuamua kukinunua.

Kasoro hii si ya lugha tu. Ikiwa tatizo ni ukosefu wa mfumo, basi siku mfumo utakapowashwa tatizo litakuwa limekwisha, hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi kliniki kwa sababu yake. Mradi wa namna hiyo hauwezi kushindwa, na ndiyo maana hauna la kutufundisha. Kubadilisha maneno pia hakusaidii: "uhitaji wa mfumo", "kutokuwepo kwa mfumo" na "mfumo duni wa ukumbusho" ni ukosefu uleule uliobadilishiwa nguo.

Swali ninalomrudishia mwandishi ni hili: mfumo huo usipokuwepo, nani anapatwa na nini? Hapa jibu ni kwamba wagonjwa wa shinikizo la damu hawarudi kliniki kwa tarehe waliyopewa. Sasa tuna jambo linaloweza kuhesabiwa, na rejesta ya kliniki ifunguliwe. Kwa namba za mfano, tuseme katika miezi mitatu wagonjwa 200 walipewa tarehe ya kurudi na 70 hawakufika hata baada ya kuongezewa siku saba. Waandishi wengi huishia hapo, wakaandika "asilimia 35 hawarudi", kisha wakaurukia ujumbe mfupi, kana kwamba hesabu hiyo imetaja kusahau mahali popote.

Haijataja. Hesabu inapaswa kugawanywa, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuseme unalinganisha tarehe ya kurudi na idadi ya vidonge alivyopewa mgonjwa, ukagundua kwamba 60 kati ya wale 200 waliambiwa warudi baada ya wiki mbili ilhali walipewa dawa za mwezi mzima. Kati ya hao 60, 48 hawakufika. Kati ya 140 waliobaki, ambao tarehe na dawa zao zililingana, hawakufika 22. Asilimia 80 kwa upande mmoja, takriban 16 kwa upande wa pili. Mtu mwenye vidonge vya wiki mbili zaidi kabatini huenda hakusahau lolote. Huenda aliona tu hana sababu ya kupanga foleni. Ukimtumia ujumbe, utakuwa umemkumbusha safari ambayo alikwisha kuamua kutoifanya.

Kwa hiyo tamko lingesomeka hivi: "Katika miezi mitatu, wagonjwa 70 kati ya 200 wa shinikizo la damu hawakurudi ndani ya siku saba baada ya tarehe waliyopewa. Kati yao, 48 walikuwa wamepangiwa tarehe iliyotangulia kuisha kwa dawa zao." Halitaji simu, kompyuta wala mafunzo, na atakayelisoma anaweza kurudi kwenye rejesta akalipinga.

Lakini nami sina uhakika wote. Inawezekana wale wa wiki mbili walikuwa wagonjwa wapya, na wagonjwa wapya huenda wangepotea hata tarehe zao zingelingana na dawa. Rejesta haiwezi kutofautisha aliyeacha matibabu na aliyehamia kliniki nyingine. Mambo hayo yaandikwe ndani ya tamko lenyewe, si kufichwa hadi mhakiki ayafukue.

Kuna pia ukosefu ninaoukubali bila kinyongo. Kiseyeye husababishwa na ukosefu wa vitamini C. Hapo uhusiano kati ya kinachokosekana na madhara umethibitishwa, na kukirudisha huponya. Anayedai kwamba ujumbe mfupi una nafasi hiyohiyo kwa wagonjwa wake na atuoneshe uthibitisho wake. Na nikiri kwamba mpaka kati ya aina hizi mbili hunisumbua: kliniki isiyo na kipimo cha shinikizo la damu inakosa kifaa, nami ningelipitisha tamko lake kwa haraka zaidi kuliko kanuni yangu inavyoruhusu, mradi liseme ni wagonjwa wangapi waliondoka bila kupimwa.

Mwandishi wa wiki hii nimemwomba kitu kimoja kabla sijasoma ukurasa wa pili: rejesta ya miezi mitatu, pamoja na safu ya idadi ya vidonge.