Umeuza kampuni tanzu kwa milioni 1,300, lakini faida yako si milioni 400

Kila msimu wa kufunga hesabu kuna mtu atakayeniletea karatasi yenye mstari mmoja tu: bei ya kuuzia toa bei ya kununulia. Akiulizwa gudwili, ile thamani ya biashara inayozidi mali zake halisi, imekwenda wapi, ananyamaza. Akiulizwa kuhusu wanahisa wachache, wale wenye hisa za tanzu zisizo za kampuni mama, anasema hao hawakuuza kitu, kwa hiyo hawamhusu. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana makosa haya hayaishi.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho. Namba ni za kubuni, zote kwa milioni za shilingi, na kodi tunaiweka kando. Kampuni mama ya Dar es Salaam ilinunua asilimia 80 ya kiwanda cha magodoro tarehe 1 Januari 2019 kwa 900. Siku hiyo mali halisi za kiwanda, yaani mali zote ukitoa madeni, zilikuwa na thamani ya 800. Ile asilimia 20 iliyobaki kwa wanahisa wengine ilithaminiwa kwa 200. Kwa hiyo gudwili ilikuwa 900 jumlisha 200 toa 800, sawa na 300. Mwaka 2022 biashara ilidorora, gudwili ikapunguzwa kwa 60, ikabaki 240. Kiwanda hakikutoa gawio hata mara moja. Tarehe 30 Juni 2024 mama aliuza hisa zake zote kwa 1,300, na siku hiyo mali halisi zilikuwa 1,150.

Dhana: Faida ni 1,300 toa 900, basi ni 400.

Hii ni kweli ndani ya vitabu vya kampuni mama yenyewe. Humo uwekezaji ulikaa kwa bei yake ya 900, na ulipouzwa ukaleta 400. Mamlaka ya kodi nayo huanzia hapo, kwa sababu inatoza kampuni moja moja, haitozi kundi.

Hesabu za kundi, yaani mama na tanzu zikijumlishwa pamoja, ni habari nyingine. Kundi halikuwahi kuonyesha "uwekezaji wa 900". Lilionyesha mashine, sponji ghalani, madeni ya wateja, mkopo wa benki, na gudwili. Vyote hivyo vilijumlishwa mstari kwa mstari kwa miaka mitano na nusu, na faida ya kiwanda ikaingia kwenye faida ya kundi kila mwaka. Tangu siku ya kununua mali halisi zimepanda kutoka 800 hadi 1,150, yaani 350. Fungu la mama katika hizo 350 ni 280, na tayari limeshatangazwa kama faida. Ukija leo kudai 400, unaitangaza faida ileile mara ya pili.

Kiwango cha kimataifa cha IFRS 10 kinataka uondoe kilichokuwa kwenye vitabu vya kundi, kwa thamani yake ya siku udhibiti unapotoka mkononi:

```
Fedha iliyopokelewa                   1,300
Jumlisha: fungu la wanahisa wachache    258
                                      1,558
Toa: mali halisi (asilimia 100)      (1,150)
Toa: gudwili iliyobaki                 (240)
Faida ya kundi                          168
```

Zipo 168, si 400. Tofauti ni 232, na haijapotea. Ni zile 280 za faida zilizokwisha kutangazwa, ukitoa 48 ambazo ni fungu la mama katika hasara ya gudwili ya mwaka 2022. Huu ndio ukaguzi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote. Faida ya vitabu vya mama, toa faida zilizolimbikizwa za tanzu zinazomhusu mama tangu kununua, lazima ikupe faida ya kundi. Ikigoma, usitafute kwenye jedwali la kuuzia. Kosa karibu kila mara limejificha kwenye hesabu ya wanahisa wachache.

Dhana: Wanahisa wachache hawakuuza, kwa hiyo hawaingii kwenye hesabu hii. Au: wanaingia, basi mnunuzi amewalipa.

Hawakuuza, ni kweli. Wala hawakulipwa hata senti. Asilimia 20 yao wanayo leo kama walivyokuwa nayo jana, isipokuwa mwenye udhibiti amebadilika.

Lakini tazama tunachokiondoa: mali halisi zote, 1,150 nzima nzima, pamoja na gudwili nzima. Hatuondoi asilimia 80 yake. Mashine ya kukata sponji ilikuwa kwenye mizania ya kundi yote, si robo tatu na kidogo ya mashine. Kwa kuwa ilikuwemo yote, upande wa pili wa mizania ulikuwa na mstari unaosema sehemu fulani ya haya ni ya watu wengine. Mali zikitoka, mstari huo hauna tena cha kushikilia. Unatoka nao, na kwa kuwa ulikuwa upande wa mtaji, kuuondoa kunapunguza kile ambacho kundi limepoteza. Ndiyo maana unajumlishwa na fedha.

Kiasi chake ndipo watu wanapoteleza. Wengine huandika 200, ile ya siku ya kununua. Wengine huchukua asilimia 20 ya 1,150 wakapata 230. Kwa namna gudwili ilivyopimwa katika mfano wetu, zote mbili si sahihi. Unaanza na 200, unaongeza fungu lao la ongezeko la mali halisi, ambalo ni asilimia 20 ya 350, sawa na 70, kisha unatoa fungu lao la hasara ya gudwili, asilimia 20 ya 60, sawa na 12. Unafika 258. Ile 12 ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ukiiacha, faida inakuwa 180, na hakuna jedwali litakalokupigia kelele.

Dhana: Njia ya mkato ni kuchukua asilimia 80 ya kila kitu, jibu ni lilelile.

Nilishaamini hivi, tena kwa muda mrefu. Asilimia 80 ya 1,150 ni 920, asilimia 80 ya 240 ni 192. Toa zote kwenye 1,300 unapata 188. Mbona si 168?

Kwa sababu gudwili haikugawanyika 80 kwa 20 siku ya kununua. Mama alilipa 900 kupata mali halisi za 640, kwa hiyo gudwili yake ilikuwa 260. Wanahisa wachache walikuwa na hisa za 200 dhidi ya mali halisi za 160, gudwili yao 40. Mama alilipa zaidi kwa kila hisa kwa sababu alikuwa ananunua usukani, na mwenye asilimia 20 hana usukani wa kuuza. Baada ya hasara ya 2022, ya mama ni 212 na ya wenzake ni 28. Sasa rudia: 1,300 toa 920 toa 212, sawa na 168. Mkato unafanya kazi, ila lazima ujue gudwili ya mama ni ipi, na ukishaijua umeshafanya kazi yote uliyokuwa unaikwepa.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya njia mbili: kutoa asilimia 80 ya mali halisi na ya gudwili, na bado kujumlisha 258. Hapo wanahisa wachache wameondolewa mara mbili, na faida inavimba. Ukiona faida kubwa kuliko hata ile 400 ya vitabu vya mama wakati tanzu ilikuwa inatengeneza faida miaka yote, anza kutafuta hapo.

Dhana: Mauzo ni ya katikati ya mwaka, basi tumia mizania ya Desemba iliyokaguliwa.

Inaeleweka kwa nini watu wanaitaka: ina sahihi ya mkaguzi. Tuseme Desemba 2023 mali halisi zilikuwa 1,090 na nusu mwaka ikaleta faida ya 60. Ukitumia Desemba, wanahisa wachache wanakuwa 246 na faida ya kuuza inakuwa 216. Zimezidi 48, ambazo ni asilimia 80 ya faida ya miezi sita. Fedha hizo zilistahili kuonekana kama faida ya uendeshaji wa kiwanda kuanzia Januari hadi Juni, si faida ya kuuza. Na kama umejumuisha miezi sita na bado ukatumia mizania ya Desemba, umezihesabu mara mbili.

Tarehe yenyewe ina mtego. Siyo siku ya kusaini mkataba wala siku fedha ilipoingia benki. Ni siku udhibiti ulipohama. Mkataba unaweza kusainiwa Aprili ukasubiri kibali cha Tume ya Ushindani, na mpaka masharti yatimie na bodi mpya ikae, kiwanda bado ni chako na hesabu zake bado unazijumuisha.

Dhana: Ukibakiza hisa, hizo unaziacha kwa bei yake ya zamani.

Tuseme mama aliuza asilimia 60 tu kwa 1,000, akabaki na 20. Wengi huacha robo ya ile 900, yaani 225, vitabuni. Kiwango kinasema vinginevyo: ukipoteza udhibiti, kilichobaki kinapimwa upya kwa thamani yake ya soko siku hiyo. Ikiwa ni 270, inajumlishwa na fedha. 1,000 jumlisha 270 jumlisha 258, toa 1,150 na 240, faida ni 138. Hiyo 270 ndiyo inayokuwa bei yako ya kuanzia kwenye uwekezaji mpya. Bado unaondoa mali na gudwili zote, si robo tatu yake.

Lakini kama aliuza 20 tu akabaki na 60, na udhibiti bado anao, jedwali lote hili halihusiki. Hakuna faida wala hasara inayokwenda kwenye taarifa ya mapato. Gudwili haiguswi, fungu la wanahisa wachache linaongezeka, na tofauti kati ya ongezeko hilo na fedha iliyopokelewa inakwenda moja kwa moja kwenye mtaji wa wanahisa wa mama. Nimewahi kuona taarifa ya kundi moja ikitangaza faida nono kwa mauzo ya namna hii. Mkaguzi aliirudisha, na mkurugenzi wa fedha akalazimika kuieleza bodi kwa nini faida waliyokwisha kuipigia makofi imehamia ukurasa mwingine.