Dhamira si mada: maana ya sura ya matokeo na mjadala katika tasnifu ya elimu

Aliyesoma fasihi shuleni anakumbuka swali la kuchambua dhamira za riwaya. Ukijibu "ndoa", mwalimu alikurudishia daftari: ndoa imefanyaje? Mwandishi anasema nini juu yake? "Ndoa" ni mada tu. Dhamira inaanza pale unapoeleza kinachosemwa kuhusu ndoa hiyo. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akifika kuandika tasnifu husahau somo hilo, na sura yake ya matokeo inajaa vichwa kama "Changamoto za walimu" na "Mitazamo ya wanafunzi".

Katika tasnifu ya elimu iliyotumia mkabala wa kitaamuli, yaani unaochunguza maneno na maana badala ya takwimu, sura ya matokeo na mjadala ndipo mtafiti anapoonyesha alichokipata kwenye mahojiano, anatoa ushahidi kwa maneno ya washiriki wenyewe, kisha anaeleza matokeo hayo yana maana gani yakiwekwa kando ya nadharia na tafiti zilizotangulia. Vyuo vingine hutaka sura mbili, vingine moja. Uchambuzi wa dhamira, kwa namna ulivyoelezwa na watafiti Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006 kwa hatua sita, hauishii kwenye kusimba unukuzi, yaani kuyapa majina mafupi mawazo yaliyomo katika mahojiano yaliyokwisha kuandikwa. Hatua ya sita ni kuandika, na dhamira nyingi huonekana kuwa dhaifu hapohapo kwenye uandishi.

Nitumie mfano, ambao nimeutunga pamoja na maneno ya walimu waliomo. Mtafiti amehoji walimu 12 wa sekondari kuhusu kusahihisha insha. Amepata misimbo kama "kukosa muda", "madaftari kukaguliwa", "kutia vema bila kusoma" na "mwanafunzi hasomi maoni". Rasimu ya kwanza inaikusanya yote chini ya kichwa "Changamoto za kusahihisha", halafu zinafuata dondoo sita mfululizo, kila moja ikitanguliwa na "Mwalimu mwingine alisema". Hilo ni kapu. Kila kitu kinaingia humo kwa sababu kapu lenyewe halidai lolote, wala hakuna ambacho msomaji angeweza kukipinga. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia mimi: kichwa kisichoweza kupingwa bado ni mada.

Akirudi kwenye data, mtafiti anakuta maneno ya Mwalimu 4:

"Kuna siku natia tu vema ukurasa mzima. Sisomi. Najua Ijumaa madaftari yanakwenda ofisini, na huko nao hawasomi, wanaangalia kama wino mwekundu upo."

Wengi wangeipachika dondoo hii chini ya "kukosa muda" na kuendelea. Lakini mwalimu huyu hakutaja muda hata mara moja. Tazama kitenzi kinachojirudia: "sisomi", kisha "nao hawasomi". Neno "nao" ndilo linalobeba mzigo. Mwalimu anafunga kutosoma kwake kwenye kutosoma kwa ofisi, na wino unabaki kuwa alama ya kazi iliyoonekana kufanyika. Sasa dhamira inaweza kusemwa kwa sentensi kamili: daftari husahihishwa kwa ajili ya anayelikagua, si kwa ajili ya aliyeliandika.

Maelezo ya namna hiyo, yanayofuata dondoo na kushika maneno mahususi yaliyomo, ndiyo uchambuzi wenyewe. Dondoo haijisemei. Mpangilio unaofaa ni mtafiti atoe dai, alete dondoo, kisha aonyeshe ni kitu gani ndani ya dondoo kinalibeba dai. Sehemu hii ya tatu ndiyo hukosekana mara nyingi. Mahali pake huwekwa sentensi inayorudia yaleyale, kwa mfano "Hii inaonyesha kwamba mwalimu hasomi madaftari", jambo ambalo msomaji ameshalisoma mstari mmoja juu. Ukitaka kujua kama sura ina uchambuzi, funika dondoo zote kwa karatasi usome kilichobaki. Kama hoja inaendelea kueleweka, mwandishi amefanya kazi yake. Kama zinabaki sentensi za kukaribisha wasemaji tu, sura hiyo bado ni unukuzi uliopangwa upya.

Kisha anakuja Mwalimu 9:

"Yangu pia hukaguliwa kama ya wenzangu. Ila kwangu nikiandika neno kwenye insha, kesho yake mtoto ananifuata: mwalimu, hapa ulimaanisha nini? Basi siwezi kuandika ovyo."

Mtafiti mwoga humwacha mwalimu huyu nje kwa sababu anaharibu dhamira. Ukweli ni kwamba anaitengeneza. Walimu wote wawili hukaguliwa, kwa hiyo ukaguzi peke yake hautoshi kueleza tofauti yao. Kinachowatofautisha ni kama wanatarajia mwanafunzi atasoma na kurudi. Dhamira inabidi iandikwe upya: mwalimu husahihisha akimlenga yule anayetarajia kuwa atasoma alichoandika. Imekuwa na nguvu zaidi, maana sasa inawaeleza Mwalimu 4 na Mwalimu 9 kwa pamoja. Hapa pia ndipo msimbo "mwanafunzi hasomi maoni", uliokuwa ukielea peke yake, unapopata kwao.

Kuna hesabu moja ndogo ninayoipendekeza kabla ya kuendelea: hesabu dondoo za kila mshiriki. Katika kila utafiti kuna msemaji mtamu, na bila kujua unajikuta umemnukuu mara tisa huku wengine wanne hawajasikika kabisa. Hapo unaandika mawazo ya mtu mmoja ukiyaita ya walimu 12. Asilimia, kwa upande mwingine, hazisaidii. Washiriki hawakuchaguliwa ili wawakilishe walimu wote, na pengine hawakuulizwa maswali kwa namna ileile.

Sehemu ya mjadala ina kazi nyingine. Kwenye matokeo swali lilikuwa walimu wanasema nini na maneno yao yana maana gani. Kwenye mjadala swali ni jambo hilo linabadilisha nini katika tunachokijua. Sentensi maarufu ya "matokeo haya yanaafikiana na" fulani haijibu swali hilo. Chukua hoja ya mtaalamu wa elimu Royce Sadler ya mwaka 1989, kwamba taarifa anayopewa mwanafunzi huwa mrejesho pale inapotumika kupunguza pengo kati ya alipofika na anapotakiwa kufika. Kwa kipimo hicho, vema za Mwalimu 4 si mrejesho hata kidogo. Lakini mtafiti wetu ana la kuongeza: hoja hiyo inamtazama mwanafunzi anayepokea, ilhali mahojiano yanaonyesha kwamba kutotumika kwa maoni humrudia mwalimu na kubadilisha anachoandika safari ijayo. Huo ndio mchango wake, na umetoka moja kwa moja kwa Mwalimu 9, yule aliyekaribia kuachwa nje.

Mipaka nayo inaandikwa kwa kufuata data. Mahojiano yanampa mtafiti maelezo ya walimu kuhusu kusahihisha. Hayampi kusahihisha kwenyewe. Anaweza kuandika "walimu walieleza kwamba hutia vema bila kusoma". Ili aandike "walimu hutia vema bila kusoma", angehitaji kuyafungua madaftari hayo na kulinganisha vema na makosa yaliyopitwa.