Kwa nini taa ya upepo wa tairi huwaka wakati tairi halina pancha

Taa ile ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati inaweza kuwashwa na mifumo miwili isiyofanana kabisa. Wa kwanza hupima upepo wenyewe: kila gurudumu lina sensa ndogo ndani ya rimu, imefungwa kwenye mkia wa valvu ya kujazia upepo. Wa pili haupimi upepo hata kidogo. Huangalia kasi ya kuzunguka kwa kila gurudumu kupitia sensa za breki za ABS, kisha hukisia kwamba tairi fulani limepungua. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu taa, jua kwanza gari lako linatumia upi.

Gari likikuonyesha tarakimu za upepo kwa kila tairi, lina sensa ndani ya matairi. Likiwa na taa tu na kitufe cha SET, au sehemu ya menyu ya kuhifadhi upepo, mara nyingi linategemea ABS. Si hakika kamili, kwa sababu baadhi ya magari yenye sensa nayo yana kitufe cha SET. Ukibaki na shaka, fundi mwenye kifaa cha kusomea sensa za tairi atakipitisha karibu na valvu: sensa ikiwapo na ikiwa hai, itajibu kwa kutaja namba yake.

Nianze na hiyo ya sensa, kwa kuwa ndiyo wengi huiamini kupita kiasi. Ndani yake kuna kipande cha silikoni chenye utando mwembamba unaojipinda upepo unapousukuma, na ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri unavyojipinda. Pembeni kuna kipima joto, kipimo cha mwendo kinachoiamsha gurudumu linapoanza kuzunguka, betri ya lithiamu na redio ndogo. Gari likiwa safarini, sensa hutuma namba yake pamoja na vipimo kila baada ya muda mfupi, mara nyingi dakika moja hivi. Gari likiegeshwa, karibu inalala ili kulinda betri. Ndiyo maana ukijaza upepo kituoni tarakimu hazibadiliki papo hapo. Endesha dakika chache kwanza.

Sasa liko jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Geji ya kituo cha mafuta hupima tofauti kati ya upepo ulio ndani ya tairi na hewa ya nje. Sensa imefungiwa ndani, haiioni hewa ya nje, hivyo hupima kanieneo yote kuanzia sifuri kamili. Ili kupata tarakimu ya kumwonyesha dereva, gari linapaswa kutoa kanieneo ya hewa ya nje. Magari mengine huisoma kutoka kwenye sensa ya injini na kufanya hesabu sahihi. Mengine hutoa PSI 14.7 daima, yaani hewa ya usawa wa bahari, popote yalipo. Mombasa au Dar es Salaam huwezi kuona kosa lolote. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya nje ni kama PSI 12 tu. Hapo dashibodi itasoma pungufu kwa PSI 2.7 kwa matairi yote manne, hata kama geji yako ni sahihi na tairi ni zima.

PSI 2.7 peke yake haiwashi taa. Kwa magari yaliyotengenezwa kufuata sheria ya Marekani, FMVSS 138, taa inatakiwa kuwaka upepo unaposhuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kibandiko kikisema PSI 32, mpaka ni 24. Tatizo huja pale kosa hilo la mwinuko linapokutana na joto.

Chukua gari la namna hiyo Nairobi, mwezi wa Julai. Dereva ametoka barabara kuu, matairi yamepata joto hadi nyuzi 50 hivi, akapita kituoni na kuhakikisha kila tairi linasoma 32 kwenye geji. Kanieneo yote ndani ya tairi ni 32 na 12, yaani 44. Usiku gari limelala nje, na alfajiri joto ni nyuzi 10. Upepo uliofungiwa hushuka kwa uwiano wa joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, kwa hiyo tunachukua 273 na kuongeza nyuzi: 44 mara 283, gawanya kwa 323, unapata 38.5. Geji ya Nairobi itatoa 12 na kusoma 26.5. Dashibodi itatoa 14.7 na kupata 23.8. Imevuka mpaka wa 24, na taa inawaka mara tu gari linapoanza safari. Baada ya kilomita kadhaa matairi yanapata joto, tarakimu zinapanda, na dereva anasema sensa imeharibika.

Sensa haijaharibika, wala onyo hilo si la uongo mtupu. Tairi kweli limepungua PSI 5 na nusu, kwa sababu lilijazwa likiwa la moto. Kiwango cha kibandiko ni cha tairi baridi. Ila bila kosa la mwinuko, taa isingewaka. Dawa ni kujaza asubuhi, kabla gari halijatembea zaidi ya kilomita mbili hivi, kwa geji unayoiamini, hadi kiwango cha kibandiko. Usiongeze PSI 3 zaidi ili tu dashibodi isome 32: tairi litazidi kiwango cha kibandiko, ingawa dashibodi haitakuonyesha.

Kutambua kosa hili ni rahisi. Linganisha geji na dashibodi matairi yakiwa baridi. Pengo likiwa karibu sawa kwa yote manne, na likitoweka ukiwa Mombasa, ni la mwinuko. Likiwa kwenye tairi moja tu, shuku sensa ya tairi hilo. Jua likiwa limepiga ubavu mmoja wa gari lililoegeshwa, matairi ya upande huo yanaweza kusoma PSI 1 au 2 zaidi ya mengine. Hilo halina ubaya wowote.

Makosa mengine ya sensa hutokana zaidi na mikono ya watu. Gundi ya maji ya kuziba pancha inaweza kufunika kitundu cha sensa, tarakimu ikakwama hata ukitoa upepo. Chuma cha kufungulia tairi kikiingizwa karibu na valvu huivunja sensa, kwa hiyo mwonyeshe fundi ilipo kabla hajaanza. Betri nayo hudumu kati ya miaka 5 na 10, na kwa kuwa imezamishwa kwenye gundi ngumu, sensa nzima ndiyo hubadilishwa. Kwa magari yaliyoletwa kutoka Japani angalia masafa: mengi hutumia megahezi 315, wakati sensa za soko la Ulaya ni za megahezi 433.92. Sensa isiyo ya masafa yako itafungwa vizuri, itashika upepo, na gari halitaisikia kamwe. Katika hali hizi za sensa kutosikika, kwa magari mengi taa humwekamweka kwa dakika moja hadi moja na nusu ukiwasha gari, kisha hubaki imewaka. Kumweka huko kunamaanisha mfumo una hitilafu. Taa inayowaka moja kwa moja bila kumweka ndiyo inayozungumzia upepo.

Mfumo wa ABS ni kazi ya hesabu. Tairi lililopungua hukaa chini kidogo, nusu kipenyo chake kinachoviringika hupungua, na hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Lakini mkanda wa chuma ndani ya tairi la rediali haunyumbuki kirahisi, hivyo tofauti ni ndogo mno, sehemu tu ya asilimia moja. Tairi la 205/55R16 huzunguka karibu mara 518 kwa kilomita. Likizidi wenzake kwa asilimia 0.3, ni mzunguko mmoja na nusu tu wa ziada. Kinachosaidia ni kwamba pete ya ABS yenye meno 48 hutoa karibu mapigo 25,000 kwa kilomita, na mzunguko huo na nusu ni mapigo 75 hivi. Kompyuta hujumlisha magurudumu kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia dhidi ya mbele kulia na nyuma kushoto, ili athari za kona zifutane kwa sehemu kubwa. Mifumo ya baadaye husikiliza pia mtetemo wa tairi, ambao kwa kawaida uko kwenye mizunguko 40 hadi 50 kwa sekunde na hushuka tairi linapolegea. Bila hiyo, matairi yote manne yakipungua sawasawa, mfumo hauoni chochote.

Ukishaelewa kwamba unatafuta asilimia 0.3, utaona jinsi ilivyo rahisi kuudanganya. Nunua tairi moja jipya lenye kashata za milimita 8, liweke pamoja na matatu ya milimita 3. Hata kama nusu tu ya tofauti hiyo ndiyo itaonekana kwenye mzunguko, ni milimita 2.5 katika nusu kipenyo cha 316, karibu asilimia 0.8. Kwa kompyuta, matairi ya zamani yanazunguka haraka kama yaliyopungua. Kuchanganya chapa au saizi hufanya hivyohivyo, na mzigo mzito upande mmoja pia. Kwenye murramu au tope, na kwenye mwinuko mrefu kama Kitonga kule Iringa gari likiwa limejaa, magurudumu yanayosukuma huteleza kidogo na kuonekana yana kasi zaidi. Mifumo mizuri huacha kuhesabu katika hali hizo, lakini si yote inayoacha kwa wakati.

Chanzo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni kumbukumbu iliyopitwa na wakati. Mfumo huu haujui PSI 32 ni nini. Unajua tu jinsi magurudumu yalivyozunguka siku ulipobonyeza SET. Kila unapojaza upepo, kubadilishana matairi ya mbele na nyuma, au kuweka jipya, fanya upya: jaza yote yakiwa baridi, washa swichi, bonyeza na ushikilie SET kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kisha endesha kwenye lami kwa kasi tofautitofauti. Kujifunza huchukua dakika 20 hadi saa moja au zaidi ya mwendo, na si lazima iwe safari moja. Ukibonyeza SET tairi likiwa limepungua ili tu taa izime, umeufundisha mfumo kwamba hali hiyo ndiyo sahihi, na hautakuonya tena hadi lipungue zaidi sana.

Ikiwa taa inarudi baada ya kujifunza upya na geji inasema yote ni sawa, pima kina cha kashata kwenye matairi manne na usome saizi ubavuni mwa kila moja. Zikilingana, angalia pete na sensa ya ABS kwenye gurudumu linaloshukiwa, hasa kama beringi ilibadilishwa karibuni: beringi nyingi za sasa zina pete ya sumaku badala ya meno, na ikifungwa kinyumenyume sensa haipati mapigo kabisa. Hapo taa ya ABS nayo itawaka.