Uzito umegoma, mapigo yanashuka: jinsi ya kusoma chati yako

Anayejipima uzito na mapigo ya moyo kila asubuhi huishia na chati yenye meno kama msumeno. Meno hayo yasikusumbue. Maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni vinaweza kubadili uzito kwa kilo moja au mbili kati ya leo na kesho, na usiku mmoja wa kulala vibaya hupandisha mapigo. Tafuta wastani wa siku 7, kisha ulinganishe na wastani wa wiki 4 zilizopita. Mapigo yapime ukiwa bado kitandani, kabla ya chai na kabla ya simu kuanza kuita.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 46 anayetembea kwa kasi dakika 40, siku 5 kwa wiki. Wiki ya 1 ana kilo 88.2 na mapigo 76 kwa dakika. Wiki ya 4 ana kilo 86.9 na mapigo 74. Wiki ya 8 mizani inasoma kilo 86.8, kana kwamba mwezi mzima amefanya kazi bure. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, tena bila sababu, kwani mapigo yamefika 71.

Mtu aliyetulia huhitaji takriban lita 5 za damu kila dakika. Kwa mapigo 76, moyo hutoa kama mililita 66 kila unapodunda; kwa mapigo 71 hutoa kama 70. Mazoezi huongeza kiasi cha damu mwilini, moyo ukajaa vizuri zaidi kabla ya kusukuma. Kwa hiyo kazi ileile inafanyika kwa mapigo machache, hata kama uzito umegoma kwa muda.

Wiki ya 10 mapigo yanaruka hadi 82 kwa siku tatu. Alikuwa na homa. Ilipoisha, mstari ukarudi ulipokuwa. Kilima cha namna hiyo kina mwanzo na mwisho.

Kinachonitia wasiwasi ni mistari inayopishana: uzito unashuka huku wastani wa mapigo ukipanda wiki baada ya wiki. Hayo si mazoezi. Huenda tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, au ni upungufu wa damu, au kifua kikuu, nenda ukapimwe.

Hata kushuka kwa mistari yote miwili kuna mtego wake. Anayejinyima chakula kupita kiasi naye hushuka mapigo, ila yeye huhisi baridi, huishiwa nguvu na huona kizunguzungu anaposimama. Mapigo chini ya 50 yakiambatana na kizunguzungu au kuzirai yanahitaji daktari, japo mkimbiaji mzoefu huishi nayo salama.

Ukianza dawa inayopunguza mapigo kama atenololi, au ukibadili saa inayokupima, andika tarehe kwenye chati. Mstari ukidondoka ghafla siku hiyohiyo, sifa si ya miguu yako.