Mkataba unao, uko kwenye simu yako

Wiki hii wamefika ofisini kwangu wanne ambao hawajalipwa kazi waliyofanya. Wa nne, mpiga picha za harusi, hata kuketi hakuketi. Alisimama mlangoni akaniambia, "Wakili, najua sina kesi kwa sababu hatukuandikiana, nimepita tu kuuliza." Hatukuandikiana! Simu yake ilikuwa na miezi mitatu ya maandishi, bei ikiwemo, tarehe ikiwemo, hata jina la bibi harusi.

Kwa hiyo leo nasema mara moja, nipumzike. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inadai maandishi kwa mambo machache tu, kama vile mauzo ya ardhi na kumdhamini mtu mwingine deni lake. Kupiga picha hakumo. Kuchora nembo hakumo. Mmoja akitaja kazi na bei, mwenzake akajibu "sawa, anza", mkataba umeshazaliwa, na muhuri wangu hauwezi kuuzaa mara ya pili. Una miaka 6 ya kudai. Na kama deni halizidi shilingi 1,000,000, unaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi hapa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. (Najua naharibu biashara yangu.) Ila kama ulikuwa unapangiwa saa na kulipwa kila mwezi kama mwajiriwa, hapo si pako, nenda mahakama ya kazi.

Kinachowaangusha watu si kukosa karatasi. Ni mpangilio wa ujumbe wao wenyewe. Chukua dada mmoja mbunifu niliyemsaidia, ambaye nimebadilisha maelezo yake kidogo. Muuza mafuta ya nywele alimpa kazi. Dada akatuma kotesheni: nembo 45,000, lebo tatu za chupa kwa 15,000 kila moja, jumla 90,000. Jamaa akaandika "Sawa, anza", akatuma 30,000 kwa M-Pesa. Mpaka hapo, safi kabisa. Salio ni 60,000 na halina utata.

Kisha jamaa akaandika: "Tumeamua chupa ziwe za saizi tano." Dada akajibu kwa dole gumba. Akachora, akatuma faili zote, na siku mbili baadaye ndipo akaandika: "Hizo mbili za ziada ni 30,000." Kimya. Lile dole gumba lilimgharimu pesa. Mbele ya mwamuzi jamaa alisema alidhani lebo mbili ni nyongeza tu, kama muuza nyanya anavyokutupia moja juu. Mwamuzi alimpa dada 60,000, akakataa 30,000, kwa kuwa bei ilitajwa baada ya kazi kuisha. Binafsi sikuridhika. Kotesheni ilishaonyesha lebo moja ni 15,000, na mtu anayeagiza chapati mbili zaidi hategemei kuzila bure. Mwamuzi mwingine angeweza kuisoma hivyo. Lakini nami nikikalia kile kiti sijui ningeamua vipi, na siwezi kukudanganya kwamba jambo hili lina jibu moja. Ungetuma tu "sawa, mbili za ziada ni 30,000, niendelee?" kabla ya kugusa kazi, ubishi huu usingekuwepo.

Utetezi wa pili wa jamaa ulikuwa ule wa kila siku: nembo haikunipendeza. Ulianguka haraka. Dada alikuwa na picha ya chupa zikiwa dukani na lebo zake, ambayo jamaa mwenyewe aliiweka mtandaoni. Huwezi kuikataa kazi huku unauzia bidhaa kwayo. Tena kulikuwa na ujumbe wake wa mwezi wa pili: "Nitamalizia mwisho wa mwezi." Huo ndio ujumbe wa thamani kuliko wote, kwa sababu mdaiwa anakiri deni kwa kidole chake. Na ndio huohuo mnaoufuta kwa hasira! Nimeona mtu akifuta mazungumzo yote "ili nisahau", halafu anakuja kwangu nimkumbushie.

Kuna kosa jingine dogo linalonitia wazimu. Dada alipochoka aliandika, "Bosi, hata ukinipa 40 nitashukuru." Jamaa hakulipa hiyo 40, lakini mahakamani aliupepea ujumbe ule kama bendera: tulikubaliana 40,000. Hawakukubaliana. Pendekezo lisilojibiwa si makubaliano, na mwamuzi aliona hivyo, ila lilitula nusu saa. Ukitaka kupunguza, weka siku: "Nitapokea 40,000 zikifika kabla ya Ijumaa, baada ya hapo deni ni 60,000 kamili."

Kuhusu ushahidi, picha za skrini zilizokatwa vipande hazitoshi. Tumia "Export chat" ya WhatsApp, mazungumzo yatoke yote na tarehe zake, pamoja na ule ujumbe unaokuaibisha. Ambatisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ukieleza ni simu gani na nani aliyechapisha. Mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na mawakili tunabishana kama cheti ni lazima. Mimi hukiandaa kila mara. Ni ukurasa mmoja, na sitaki kujua jibu siku ya kesi.

Sasa mteja aliyetoweka. Kwanza jiulize ni nani hasa unayemdai. Zile 30,000 za mwanzo zilitoka kwenye namba ya msichana wa dukani, na dada alitaka kumshtaki yeye! Jina la bidhaa nalo si mtu. Tulitafuta kwenye eCitizen, upande wa usajili wa biashara, tukakuta ni jina la biashara tu, si kampuni, na mwenyewe ndiye jamaa yetu. Kwa hiyo hati ya madai ikaandikwa jina lake, "akifanya biashara kwa jina la" fulani. Ingekuwa kampuni, tungeishtaki kampuni yenyewe, na mali ya mkurugenzi tungeiangalia kwa macho tu.

Halafu lazima apate hati. Tangu 2020 kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu kumpelekea mtu hati hata kwa WhatsApp, kwenye namba anayoitumia, mradi uonyeshe imefika. Ya dada ilibaki na alama moja. Alikuwa ameblokiwa. Tulikaa tukiwaza atafutwe wapi, mpaka yeye mwenyewe akacheka. Kwenye lebo aliyoichora, chini kabisa, alikuwa ameandika kwa herufi ndogo mahali mafuta yanapotengenezwa: jengo, ghorofa, barabara. Mpeleka hati alimkuta palepale, akijaza chupa.

Sheria inasema shauri limalizike ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Letu lilizidi kidogo, na usishangae lako likizidi. Hukumu nayo si pesa. Jamaa alilipa 20,000 akanyamaza tena, ikabidi dalali wa mahakama aende kuorodhesha mali dukani na kumpa siku 7. Aliandika friji moja, mizani, na katoni kumi na nne za mafuta zenye lebo za saizi zote tano. Siku ya sita zile 40,000 zikaingia, na gharama za dalali zikamwangukia yeye.