Swali la kuongoza na swali la mawili kwa moja ni magonjwa tofauti

Ndugu zangu mnaotunga madodoso hapa Bagamoyo, hili naomba tuelewane maana nimelisikia likichanganywa mara nyingi mno. Swali la kuongoza linamwonyesha mhojiwa jibu linalotakiwa. Swali la mawili kwa moja linauliza mambo mawili halafu linapokea jibu moja. Basi. Shida ni kwamba watu wanayaita yote "swali la kuongoza", wakishalikata vipande viwili wanaona kazi imeisha, na wapi!

Tuseme unakwenda soko la samaki na swali hili: "Je, unakubali kwamba ukarabati umeboresha usafi na bei ya samaki?" Mama anayekaanga samaki anaona sakafu inaoshwa vizuri ila samaki kwake wamepanda bei, sasa ajibu nini? Akisema ndio hujui kasifia kipi, akisema hapana vilevile hujui. Hapo kosa ni mawili kwa moja, dawa yake kweli ni kukata.

Ila kata uone: "Je, unakubali kwamba ukarabati umeboresha usafi?" Jambo limebaki moja lakini bado unamsukuma, maana "unakubali kwamba" inaomba ndio, na "umeboresha" imeshamaliza hukumu kabla hajafungua mdomo. Na sisi watu wa pwani mgeni akija na karatasi yake tunaona vibaya kumkatalia, kwa hiyo unarudi na ndio tupu unasema wananchi wameridhika.

Mimi ningeandika hivi: "Ukilinganisha na kabla ya ukarabati, usafi wa soko sasa umeongezeka, umepungua au uko vilevile?" Na "sijui" iwepo kwenye majibu. Juu na chini zote zimetajwa, hakuna jibu la aibu. Bei iulize peke yake, imepanda, imeshuka au ni ileile, tena usiseme "imeboreka" kwa sababu bei ikipanda mvuvi anashukuru na mkaangaji analia. Halafu linganisha msimu na msimu, kaskazi na kaskazi, kusi na kusi, vinginevyo unapima upepo sio soko.

Kabla ya kuchapa nakala zote jaribu kwa watu wachache, umwombe kila mmoja akueleze swali alivyolielewa. Ukisikia "kipi, usafi au bei?" au "ndio, lakini…" ujue umebeba mawili. Wote wakikujibu ndio haraka haraka bila kufikiri, angalia kama maneno yako yanasukuma.

Na wadadisi nao, tafadhali, someni swali lilivyoandikwa na chaguo zote. Ukimalizia na "si ndio mama?" umelirudisha swali kuwa la kuongoza, hata kama kwenye karatasi limekaa sawa.