Begi la dharura kwenye miteremko ya Elgon: dhana potofu na ukweli wake

Bududa, Bulambuli, Sironko, Manafwa, upande wa Uganda: huku watu wanaijua milio ya mlima. Nametsi ilifunikwa Machi 2010, Bukalasi ikapigwa na mto uliobeba mawe Oktoba 2018, Masugu ikazikwa Novemba 2024. Familia nyingi sasa zina begi nyuma ya mlango, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kilichomo ndani. Begi lililofungwa mwaka juzi mara nyingi lina dawa zilizokwisha, nakala zisizosomeka, na uzito ambao hakuna mtu wa kuubeba. Tuzichukue dhana zinazosababisha hayo, moja baada ya nyingine.

Tutumie familia moja ya mfano: baba, mama, nyanya mwenye presha, binti wa miaka 9, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Dhana: Ukisikia mlima unaunguruma, kimbilia begi kwanza.

Ukweli: Ukishasikia mngurumo, begi liache. Udongo uliolowa hushuka mteremko kwa kasi kuliko mtu anavyokimbia, na sekunde za kuingia chumbani ndizo za kutokea njiani. Kimbia kwa upande, utoke kwenye mkondo wa maporomoko. Usikimbie kuteremka nao.

Begi ni la saa za kabla ya hapo. Mlima hutoa dalili: nyufa mpya ardhini au ukutani, miti au nguzo zinazoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kugoma ghafla, chemchemi kugeuka tope, au kijito kupungua maji huku mvua bado inanyesha. Hiyo ya mwisho iogopeni sana, kwa sababu huenda udongo umeziba maji juu na bwawa hilo litapasuka. Mkiona mojawapo baada ya mvua ya siku nyingi, chukueni begi mlale kwa ndugu aliye mahali salama, hata kama jirani anasema mnaogopa bure.

Dhana: Beba maji ya kutosha siku tatu.

Ukweli: Hesabu hiyo haibebeki. Mtu anahitaji takriban lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Watu watano ni lita 15, na lita 15 ni kilo 15. Siku tatu ni kilo 45. Sasa angalia nani anabeba: mama ana mtoto mgongoni, baba ameshika mkono wa nyanya, njia ni tope na ni usiku. Kinachobaki ni mgongo wa baba na vimabega vya binti.

Kwa familia hii tungepanga hivi: chupa mbili za lita moja na nusu kwenye begi la baba, chupa ya nusu lita kwa binti na nyingine kwa nyanya. Jumla ni lita 4, za kuwafikisha asubuhi. Maji ya baada ya hapo hayabebwi, yanatibiwa mkifika. Kwa hiyo funga nje ya begi jerikeni tupu ya lita 20, ambayo haina uzito wa kutisha, na ndani weka vidonge 10 vya klorini vya kutibu lita 20 kila kimoja.

Soma pakiti kabla ya kununua, maana kuna vidonge vya lita 1, vya lita 5, vya lita 10 na vya lita 20, na vinafanana. Anayetia kidonge cha lita 20 kwenye kidumu cha lita 5 anazidisha dawa mara nne. Anayetia cha lita 5 kwenye jerikeni kubwa anakunywa maji ambayo hayajatibiwa huku akiamini yametibiwa. Kidonge lazima kilingane na chombo.

Maji ya mto baada ya mvua hayafai kutiwa kidonge moja kwa moja. Tope na majani yaliyooza huila klorini kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha kama bado yana ukungu tia vidonge viwili. Funika, subiri dakika 30. Yakifunguliwa yanapaswa kuwa na harufu hafifu ya klorini. Yasipokuwa nayo, dawa imeliwa yote: rudia kipimo na usubiri tena. Hata kwa vipimo viwili viwili, vidonge 10 vinatibu lita 100, na familia hii inapata maji ya kunywa na kupikia kwa siku sita hivi. Klorini ya majimaji, ile ya chupa, haifai kukaa begini. Hupungua nguvu upesi, hasa chini ya bati lenye joto, na kifuniko chake kikivuja nguo zote zinaharibika.

Dhana: Nakala ni nakala, mradi ziwe kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki.

Ukweli: Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Anza kwa kujiuliza kila karatasi: ikipotea, nani mwingine anayo? Kitambulisho cha taifa kina kumbukumbu NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho. Hati ya ardhi iliyosajiliwa ina nakala ofisi ya ardhi. Lakini mkataba wa kuuziana shamba, ule ulioandikwa kwa mkono, ukasainiwa na majirani na kupigwa muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, mara nyingi uko mmoja tu duniani. Baada ya maporomoko, alama za mpaka zimefukiwa, na pengine mashahidi nao hawapo. Karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutengenezewa nakala. Zitengeneze tatu, na uende nazo kwa mwenyekiti wa LC1 pamoja na ile ya asili azilinganishe, asaini na kugonga muhuri kwenye kila moja. Akifanya hivyo leo ni kazi ya dakika chache; akiombwa baada ya ile ya asili kupotea, hana cha kulinganisha nacho.

Baada ya hiyo, fuatisha nakala za vitambulisho (pande zote mbili, kwa sababu kwenye kadi za awali kijiji na parokia viko nyuma, na huko ndiko waandikishaji wa misaada hutazama), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya chanjo ya mdogo, vyeti vya shule, na kitabu cha matibabu cha nyanya. NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa, ina herufi na tarakimu 14. Iandike pia kwa kalamu kwenye karatasi moja, ya kila mtu, watoto wakiwemo kama wamesajiliwa.

Mashine nazo zina tofauti. Nakala iliyotoka kwenye printa ya wino wa majimaji huyeyuka ikilowa. Ya mashine ya fotokopi ya unga inastahimili maji, ila ina adui mwingine: plastiki laini. Ikikaa miezi kwenye mfuko wa plastiki uliobana, tena penye joto, herufi hugandia plastiki. Ukiivuta, maneno yanabaki kwenye mfuko na karatasi inatoka na mabaka meupe. Weka karatasi tupu juu na chini ya kila nakala, kisha ndipo utie kwenye kaveera mbili nzito, moja ndani ya nyingine, kila moja imekunjwa mdomo na kufungwa kwa gundi. Karatasi za asili usizipige laminesheni. Joto huweza kuharibu wino na muhuri, na ofisi huweza kuzikataa kwa kuwa haziwezi kukaguliwa.

Mahali pa kuziweka: za asili kwenye mkoba mdogo wa kiunoni anaouvaa mama, seti moja ya nakala begini, seti nyingine kwa ndugu wa Mbale mjini au popote mbali na mteremko huo. Picha za simu ni nyongeza tu. Ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha, la sivyo zinapunguzwa ubora na muhuri hausomeki.

Dhana: Dawa zikifungwa vizuri zinangoja.

Ukweli: Dawa ina tarehe, na begi halikukumbushi. Ukiona EXP 08/2026, maana yake inafaa mpaka siku ya mwisho ya Agosti 2026, kama imekaa chini ya nyuzi 30. Kwa hiyo begi lining'inie ukutani upande wa kivuli, si juu karibu na bati.

Vidonge vya presha vya nyanya, tuseme amlodipini kimoja kwa siku, weka vya siku 14. Kosa la kawaida ni kununua vipya, kuvitumia, na kuacha vya zamani begini vizeeke. Fanya kinyume: kila akipewa dawa kliniki, vipya 14 vinaingia begini na 14 vilivyokuwemo vinatoka na kuliwa kwanza. Hakuna kinachoharibika, hakuna gharama ya ziada isipokuwa mara ya kwanza. Utaratibu ni huohuo kwa dawa za kisukari, kifafa, pumu na za kupunguza makali ya virusi, ila hizo za mwisho zibaki kwenye chupa yake yenye kifuko cha kunyonya unyevu. Omba kliniki chupa ya ziada badala ya kuzimwaga kwenye karatasi.

Tarehe huchapwa kwenye ncha moja tu ya karatasi ya vidonge. Muuzaji akikukatia vidonge sita, huenda ncha hiyo imebaki dukani. Omba akukatie upande wenye EXP, au akuandikie tarehe kwenye bahasha mbele yako. Vidonge vilivyo huru visivyo na tarehe visikae begini zaidi ya miezi 6.

Kwa mtoto, weka pakiti 4 za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kunywa mtu akiharisha, kila moja ya lita moja ya maji, na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20. ORS ikishachanganywa ni ya saa 24. Pakiti ambayo unga wake umeganda kuwa jiwe au umebadilika rangi, itupe.

Dhana: Nitakagua nikipata nafasi.

Ukweli: Nafasi haiji. Shika tarehe mbili kwa mwaka, kabla mvua hazijashika: mwishoni mwa Februari na katikati ya Agosti. Gundisha kadi kwenye mfuko wa juu wa begi, ukiandika kwa penseli:

- Maji ya chupa: badilisha Februari na Agosti
- Klorini: EXP 11/2027
- ORS: EXP 03/2027
- Zinki: EXP 08/2026
- Amlodipini: kila siku ya kliniki
- Karanga na biskuti: kula na kubadilisha Februari na Agosti
- Betri: nje ya tochi, jaribu Februari na Agosti
- Nguo na viatu vya watoto: vipimwe mwilini

Kila mstari unaomalizika kabla ya ukaguzi unaofuata unabadilishwa leo. Kwa mfano, ukikagua Februari 2026, zinki ya 08/2026 inaweza kubaki, kwa kuwa Agosti utaikuta bado inafaa. Siku hiyo ya Agosti lazima itoke, vinginevyo mvua za Oktoba zitaikuta imekwisha. Hesabu pia noti ndogo za 1,000 na 5,000, maana mtandao ukianguka pesa za simu hazitoki, na andika upya namba za ndugu kwenye karatasi, pamoja na 999 na 112 za polisi.